Kukata mkia wa «-aka»: shajara ya video ya mahojiano ya kazi, Lubumbashi

Jumamosi, 8 Novemba

Tumekutana wanne uani kwangu, Katuba, kupanga video ya kuwaonyesha vijana namna ya kujibu jopo la kazi: mimi ninayeandika maneno, mwenzangu mwenye simu nzuri ya kupigia picha, kijana atakayecheza mwombaji kazi, na mama mmoja wa mtaa wetu ambaye ameketi kwenye majopo ya kuajiri kwa miaka mingi. Yeye tunamwita Mama tu, naye hataki jina lake litajwe popote.

Nilikuja na daftari lenye maswali 12. Mama alilisoma lote, akalirudisha, akaniuliza: «Mwanangu, hii ni video au ni katekisimu?» Akasema vijana tayari wanajua kwamba mtu anafika mapema, anavaa shati safi, anazima simu. Hakuna anayekosa kazi kwa sababu hakuambiwa hayo. Wanaikosa katikati, pale wanapodhani wanajibu vizuri.

Basi nimekata maswali 11. Limebaki moja, litakalojibiwa vibaya kisha vizuri, kwa kazi moja: kutunza depo. Nimeichagua kwa sababu hapa Lubumbashi kila mtu ana ndugu aliyeiomba kazi hiyo, iwe kwenye depo ya unga, ya saruji, au ya vipuri vinavyopelekwa migodini. Swali lenyewe ni hili: «Tupe mfano wa siku ambapo hesabu ya depo haikulingana na fishi. Ulifanya nini?»

Fishi, kwa asiyewahi kuingia depo, ni ile karatasi ngumu ya kila bidhaa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mfuko ukitoka, boni, kile kikaratasi cha mzigo, inaandikwa, halafu namba ya boni inahamishiwa kwenye fishi. Kazi nzima ya mtunza depo ni kuhakikisha karatasi hiyo na lile rundo la mifuko vinasema neno moja.

Jumanne, 11 Novemba

Jioni nimeenda kwa Mama nimuulize jopo linaandika nini wakati mtu anaongea. Hili nilikuwa silijui, na nadhani wengi hawalijui.

Katika mahojiano yaliyopangwa vizuri, kila mjumbe ana karatasi yake. Waombaji wote wanaulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Chini ya kila swali pana nafasi ya kuandika maneno ya mwombaji, na alama, tuseme 1 hadi 5. Kila mjumbe anaweka alama peke yake kwanza, ndipo wanazungumza. Hufanywa hivyo ili mwenye cheo kikubwa asiwavute wengine kwa neno lake la kwanza.

Alama 1 ni ya mtu aliyeeleza kazi kwa ujumla. Alama 3 ni ya aliyetoa tukio moja, mahali na wakati vikijulikana, akasema yeye mwenyewe alifanya nini. Alama 5 ni ya yule ambaye juu ya hayo ameonyesha matokeo yanayoweza kuhakikishwa, na akiulizwa swali la pili hatetereki.

Nikamuuliza: kwa hiyo mtu anaweza kusema kweli tupu akapata 1? Akacheka. «Kila wiki. Mtu anasema kweli, anasema kwa adabu, anasema kwa Kifaransa kizuri, na mimi kalamu yangu iko hewani. Sina cha kuandika.»

Hapo ndipo video yetu ilipopata kichwa chake. Swali si nani anajua kazi. Swali ni je, umempa yule mwenye kalamu kitu cha kuandika?

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeandika jibu baya. Nimelitupa.

Katika andiko la kwanza mwombaji anatafuna bazoka, simu inalia, anamsema patroni wake wa zamani kuwa ni mwizi. Tulilisoma kwa sauti, tukacheka sana. Kijana wetu anajua kuchekesha. Lakini nikajiuliza: atakayetazama hii atajiona mwenyewe? Atamwona mjinga fulani wa mbali, atatuma kwa rafiki zake na vicheko, kisha Jumatatu ataingia mbele ya jopo kufanya kosa lake la siku zote, kwa sababu kosa lake halifanani na lile.

Kosa halisi linafanana sana na jibu zuri. Kwa hiyo nimeandika upya. Mwombaji ni mpole, amevaa vizuri, anaijua kazi. Hili ndilo jibu lake:

JOPO: Tupe mfano wa siku ambapo hesabu ya depo haikulingana na fishi. Ulifanya nini?

MWOMBAJI: Asante kwa swali, Mama. Katika kazi ya depo, tofauti zinatokeaka. Mimi nahesabuka kila mwisho wa mwezi. Tukiona tofauti, tunaangaliaka maboni, tunazungumza na timu, tunatafuta suluhisho. Mimi ni mtu makini sana, sipendi makosa. Na tunafuataka ile kanuni ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza.

Hakuna neno la aibu hapo. Hata kanuni ya mwisho ni sahihi, ingawa kwa unga ni bora zaidi kusema kinachoharibika kwanza kitoke kwanza, maana mfuko uliofika jana unaweza kuwa na tarehe ya karibu kuliko wa mwezi uliopita. Lakini jibu hili ni 1. Labda 2, Mama akiwa amekula vizuri.

Nililisoma mara tatu nikitafuta namna ya kuonyesha kosa kwa kidole, mpaka nikaona liko kwenye vitenzi. Nahesabuka. Tunaangaliaka. Tunafuataka. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina mkia huo wa -aka kwa jambo la kila siku. Anayesema Kiswahili cha vitabuni atasema «huwa nahesabu», na kosa ni lilelile limevaa suti. Mkia huo unasema desturi, hausemi tukio. Jopo liliomba siku moja, mwombaji akalipatia kalenda nzima.

Nimefurahi kuliko inavyostahili. Ni nadra kosa la maarifa kuonekana kwenye silabi mbili.

Jumapili, 16 Novemba

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimeandika kwa mkono, sijanakili kitu.

Jumatano, 19 Novemba

Jibu zuri limenichukua jioni tatu. Nilihitaji tukio lenye namba zinazojumlika, kwa sababu mtazamaji mmoja atachukua kalamu ajumlishe, na huyo ndiye ninayemtaka.

Depo ni ya unga wa bukari, mifuko ya kilo 25. Fishi inasema 412. Mifuko iliyopo ni 394. Imepungua 18.

Katika andiko la kwanza mwombaji wangu alizipata zote 18. Alikuta boni iliyosahauliwa, basi, mambo yakaisha kama sinema. Mama alisoma akatikisa kichwa. «Mtunza depo aliyepata mifuko yote, mimi namwogopa. Aidha ni hadithi, au ni fishi aliyoipaka mafuta.» Akanieleza kwamba katika tofauti ya kweli karibu daima panabaki kipande kisicho na maelezo, na namna mtu anavyokieleza kipande hicho ndiyo inayomwonyesha. Nikarudi nyumbani nikaweka mifuko 3 ambayo haitapatikana kamwe.

Hili ndilo andiko lililokubaliwa, pamoja na maelezo yatakayotokea pembeni mwa skrini:

MWOMBAJI: Ndiyo, Mama. Nilikuwa natunza depo ya unga, peke yangu na sentineli mmoja. Hesabu ya mwisho wa mwezi wa Machi, fishi ilisema mifuko 412. Nilihesabu nikapata 396. Sikuamini, nikamwomba mwenzangu wa duka ahesabu yeye, bila kumwonyesha fishi wala namba yangu. Yeye akapata 394. Tukashusha rundo la nyuma: kwa mbele lilionekana mifuko 40, lakini katikati kulikuwa na shimo, na kweli ilikuwamo 38. Kwa hiyo kweli ilikuwa 394. Ilipungua 18.

*Pembeni: «Nilihesabu», «nikamwomba». Sasa kalamu inaandika.*

MWOMBAJI: Siku hiyohiyo nilimwambia patroni, kabla sijajua sababu. Kisha nilichukua maboni yote ya mwezi, ya kuingia na ya kutoka, nikayalinganisha na fishi mstari kwa mstari. Nikakuta boni moja ya kutoka, mifuko 15, haikuandikwa kwenye fishi. Mteja tulimpigia, akakubali alipokea 15, na nakala yake ilikuwa na sahihi. Ikabaki 3. Hiyo mitatu sikuipata. Niliandika ripoti: 15 zina maelezo, 3 hazina. Tukatia sahihi mimi, sentineli na patroni, ndipo fishi ikasahihishwa kuwa 394.

*Pembeni: Hakuficha mifuko 3. Fishi ilisahihishwa baada ya sahihi, si kabla.*

MWOMBAJI: Baada ya hapo nilibadilisha mambo mawili. Mzigo hautoki getini kabla boni haijaandikwa kwenye fishi. Na kila Jumamosi patroni alichagua bidhaa 5, nikazihesabu mbele yake. Miezi mitatu iliyofuata tofauti kwenye unga ilikuwa 0, halafu 1, halafu 0. Ule mmoja ulikuwa mfuko uliopasuka, na masalia yake yalikuwepo.

Nimempa Mama asome tena. Amegusa mahali pawili tu. Kwanza lile shimo la katikati ya rundo: amesema hapo ndipo angejua kwamba mtu huyu amewahi kubeba mifuko, kwa sababu anayehesabu kwa macho huzidisha upana kwa kimo na kuamini nyuma pako kama mbele. Pili, «patroni alichagua bidhaa». Mtunza depo akijichagulia mwenyewe cha kuhesabu, atahesabu kile anachojua kiko sawa, hata bila nia mbaya.

Nimepima kwa saa ya simu: jibu zima kwa mwendo wa kawaida linazidi kidogo dakika moja na nusu. Hali inachukua sehemu ndogo, matendo yanachukua zaidi ya nusu. Wanaofundisha mahojiano huliita jambo hili STAR: hali, jukumu, tendo, matokeo, na kwa bahati herufi zinafanana hata kwa Kifaransa. Sitaliweka kwenye video. Nimeona vijana wanaokariri herufi hizo na kuanza jibu kwa kusema «hali yangu ilikuwa», kama mgonjwa mbele ya daktari.

Alhamisi, 20 Novemba

Nyongeza fupi, kwa sababu nilisahau swali la pili. Jopo haliachi jibu zuri lipite hivihivi, linachimba. Nimeongeza:

JOPO: Kwa nini boni ile haikuandikwa?

Jibu baya: «Msaidizi alisahau.» Lakini alishasema alikuwa peke yake na sentineli. Jopo lina kumbukumbu, na lina karatasi.

Jibu zuri: «Ni mimi, Mama. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, lori lilichelewa, nilitaka kufunga. Niliweka boni mfukoni ili niandike Jumatatu. Jumatatu nilivaa suruali nyingine.»

Kijana wetu aliuliza kama kukiri hivyo hakumfukuzishi mtu kazi ambayo hata hajaipata. Mama amesema inategemea. Kosa la mkono, lililogunduliwa na mkosaji mwenyewe, likaripotiwa siku hiyo, likazibwa njia: yeye angeliwekea alama 4 au 5. Kosa lilelile likigunduliwa na mkaguzi miezi mitano baadaye, mwombaji akiwa alikaa kimya, ni hadithi nyingine, na mtu achague tukio jingine la kusimulia. Pia amekataza jambo moja ambalo sikulifikiria: usitaje jina la mteja wala bei alizouziwa. Anayemwaga siri za patroni wa jana anaonyesha atakavyomwaga za patroni wa kesho.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ya kupiga picha. Tuliazima chumba cha mbele cha nyumba ya jirani kwa sababu kina meza ndefu. Kina pia bati juu bila dari, na mvua ya Novemba haiombi ruhusa.

Sauti ndiyo iliyotutesa. Simu inayopiga picha ilikuwa mbali kama mita mbili, na kila neno lilirudi kutoka ukutani. Mwenzangu alichukua simu ya pili, akawasha kinasa sauti, akaitia kwenye mfuko wa shati la mwombaji, kipaza sauti kikielekea juu. Kabla ya kila kipande anapiga kofi moja mbele ya kamera: baadaye unalinganisha kofi la picha na kofi la sauti, vinakaa pamoja. Tulitundika na mablanketi mawili nyuma ya kamera. Mwangwi ulipungua sana. Mvua ilipoanza, tulikunywa chai. Dhidi ya bati hakuna ufundi.

Jambo la kuandika kwa ajili ya wengine: tulianza na jibu zuri, na tulikosea. Kijana alipokuja kwenye jibu baya alikuwa ameshazoea lile zuri, akalicheza baya kwa uso wa mtu anayejua ni baya. Macho chini, sauti ya kuburuta. Ilibidi nimwambie: kaka, wewe unaamini jibu hili. Umelikariri nyumbani mbele ya kioo, mama yako amekusifu. Sema kwa fahari. Mara ya nne ikakaa. Nilipomwona akisema «mimi ni mtu makini sana» huku akitabasamu, nilijisikia vibaya kidogo, maana niliwahi kusema sentensi hiyo mbele ya jopo la kampuni moja hapa mjini, kwa tabasamu hilohilo. Hawakunipigia.

Mama ameigiza jopo mwenyewe, lakini kamera inamwonyesha mikono tu na karatasi. Hilo lilitokana na yeye kukataa uso wake uonekane, na limekuwa bahati kubwa kwetu: katika jibu baya kalamu yake inakaa juu ya karatasi bila kuandika, katika jibu zuri haisimami. Hatukulipanga. Alikuwa anaandika kweli, kwa mazoea.

Jumanne, 25 Novemba

Kuunganisha. Mpango wangu wa maelezo ya pembeni umeanguka.

Nilikuwa nimegawa skrini: kushoto mwombaji anaongea, kulia maneno yangu yanapanda. Nikamwonyesha mdogo wangu. Nikamuuliza mwombaji alikuta nini kwenye maboni. Hakujua. Nikamuuliza maelezo yalisema nini. Hakujua vizuri pia. Mtu hawezi kusoma sentensi moja na kusikiliza nyingine kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa namlazimisha afanye hivyo kwa dakika nne mfululizo.

Nimebadilisha hivi: picha inasimama, sauti inakatika, maelezo yanatokea kwenye ukingo kwa sekunde tano hivi, halafu mwombaji anaendelea. Maelezo hayazidi maneno 12. Vituo vilikuwa 14 katika jaribio la kwanza, na video ikawa inakwaruza kama redio mbovu. Nimebakiza 5: viwili kwenye jibu baya, vitatu kwenye zuri. Kwenye jibu baya cha kwanza hakina maelezo kabisa. Picha inasimama, vile vitenzi vitatu vinaandikwa kimoja chini ya kingine, nahesabuka, tunaangaliaka, tunafuataka, na mkia wa kila kimoja unapakwa rangi nyekundu. Cha pili kinaonyesha karatasi ya Mama. Ni nyeupe.

Kisha suala la uzito. Mega ni ghali, na video itapita kwa WhatsApp kutoka mkono kwenda mkono. Faili la kwanza lilikuwa kubwa mno. Mwenzangu ameipunguza kwenye kompyuta hivi:

```
ffmpeg -i mahojiano.mp4 -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -b:a 64k ndogo.mp4
```

480 ni kimo cha picha. Namba ya `-crf` ikipanda, faili linapungua na picha inachafuka. Tulipojaribu 32 maneno ya pembeni yalianza kumong'onyoka, tukarudi 28. Nimekuza pia herufi, maana wengi watatazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Ijumaa, 28 Novemba

Onyesho la kwanza, kwa vijana saba, hapohapo uani. Nilikaa nyuma nikawatazama wao badala ya video.

Jibu baya lilipokwisha, kabla ya kituo chochote, niliwauliza: mngempa huyu ngapi? Wanne walisema 4, wawili 3, mmoja 5. Hiyo ilinifurahisha kuliko sifa yoyote. Ile ya bazoka wangeipa 0 na kwenda nyumbani. Kisha wakaona vitenzi vyekundu. Kijana mmoja akasema polepole, «lakini mimi pia nasemaka hivyo», wenzake wakaangua kicheko, kwa sababu hata kukiri kwake kulikuwa na mkia.

Swali gumu lilitoka kwa mwingine. Amesema kusema «mimi nilifanya, mimi nilifanya» ni kujisifu. Nyumbani amefundishwa kusema «sisi». Yuko sahihi, na sikutaka kumjibu haraka. Mama ndiye aliyejibu: hakuna anayekuomba uwafute wenzako. Wataje. Mimi nilihesabu, mwenzangu wa duka alihesabu mara ya pili, sentineli alitia sahihi, patroni aliamua. Kila tendo lina mwenyewe. «Tulifanya» ndiyo inayowafuta, kwa sababu inamwacha kila mtu gizani, na wewe ukiwemo. Kijana alikunja uso kidogo, kisha akaandika kwenye simu yake.

Halafu msichana aliyekuwa kimya muda wote akauliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kwenye daftari langu. «Na mimi ambaye sijawahi kufanya kazi ya depo hata siku moja?»

Nilianza kujibu kwa ujumla, nikajisikia mwenyewe: «mtu ambaye hana uzoefu anawezaka...» Nikanyamaza. Mama akamgeukia yeye: «Mwanangu, umewahi kutunza kitu cha watu?» Akafikiri. Akasema anatunza viti vya plastiki vya parokia, vinavyokodishwa kwa harusi na misiba. Mama akachukua ile karatasi ya alama, akakunja mguu, na akamuuliza swali lilelile, kwa sauti ya jopo.

Nimeandika alivyojibu, karibu neno kwa neno:

«Mwezi wa Agosti nilitoa viti 120 kwa harusi moja. Vilirudi 113. Nilikuwa nimeandika nani alichukua ngapi, kwa sababu walikuja kuchukua kwa mikokoteni mitatu: 50, 40, na 30. Wa 50 na wa 40 walirudisha vyote. Kwa hiyo vilipotea kwenye mkokoteni wa 30, vilirudi 23. Nilikwenda kwa yule mtu jioni hiyohiyo, tukapita nyumba za majirani zake, tukakuta 5. Viwili havikuonekana. Alivilipa, nikaandika kwenye daftari la parokia, padri akatia sahihi. Sasa naandika namba kwa rangi chini ya kila kiti.»

Kimya. Mama alikuwa bado anaandika.

Hakujua kwamba amejibu. Alidhani anasimulia shida ya viti. Hakutumia mkia hata mara moja, hesabu zinajumlika, viti viwili visivyopatikana amevitaja, na mwisho amesema alichobadilisha. Nilichotengeneza kwa jioni tatu yeye alikuwa nacho tangu Agosti. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kwamba viti ni depo.

Mama amempa 4. Moja amekata kwa sababu hakusema kama viti vimepotea tena tangu aanze kuandika namba. Msichana akajibu papo hapo kwamba harusi mbili zimepita, kimerudi kila kiti. Mama akafuta 4.

Jumatatu, 1 Desemba

Video haijakamilika tena, na sijutii. Nusu ya kwanza inabaki kama ilivyo. Nusu ya pili tunaipiga upya na huyu msichana, kwa jibu lake, bila andiko. Nimemwomba kijana wetu radhi kwa kupunguza dakika zake. Amekubali, kwa sharti kwamba tabasamu la «mimi ni mtu makini sana» lisiguswe.

Kuna swali moja nimelitoa. Nilitaka kuongeza mwishoni lile la mshahara, kwa sababu vijana wanataja kiasi bila kusema kama ni kabla au baada ya makato. Mtu anasema 300, anafikiria zinazofika mkononi. Jopo linaandika 300 kabla ya makato, na mwezi wa kwanza anakuta zimeshaondoka asilimia 5 ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi ya mshahara juu yake. Ni jambo la maana, lakini ni video nyingine, na nikilibana hapa litaharibu hili la vitenzi.

Tunapiga Jumapili baada ya misa ya pili, palepale kwenye chumba cha parokia, viti vikionekana nyuma. Mwenzangu ameshakagua: pana dari, mvua haitatusumbua. Msichana ameomba tufike nusu saa mapema. Jumamosi kuna harusi, na anataka kuhesabu viti kwanza, kabla ya kamera kuwashwa.